Saa Arobaini na Moja: Barua ya Mzazi kwa Mwalimu Mkuu Baada ya Ndege Kufutwa

Barua ambayo mzazi humwandikia mwalimu mkuu kueleza kwa nini mwanafunzi amechelewa kurudi shuleni huchukuliwa na wengi kuwa barua ya kuomba radhi, na ndiyo sababu barua nyingi za aina hii hujaa unyenyekevu na kupungukiwa na habari. Katika shule za bweni za kaunti za Meru na Embu barua hiyo ina kazi nyingine kabisa, kwa kuwa ni hati ya kumbukumbu, yaani karatasi inayotiwa katika faili ya mwanafunzi ili afisi iweze kuonyesha, hata baada ya miezi mingi, kwamba ilijua mtoto alikuwa wapi katika muda ambao hakuwa darasani. Ndege iliyofutwa inapoingia katika maelezo hayo, mzazi hudhani kwamba amepata sababu inayojitosheleza, ilhali kufutwa kwa ndege hueleza sehemu tu ya saa zilizopotea, na zile saa zilizobaki ndizo ambazo mwalimu mkuu mwenye uzoefu huziangalia kwanza.

Huenda msomaji akashangaa kwamba ndege inahusika na shule za mteremko wa Mlima Kenya, eneo ambalo wanafunzi wengi hulifikia kwa matatu. Ufafanuzi wake umo katika mpango wa Wizara ya Elimu wa kuwagawia wanafunzi nafasi za kidato cha kwanza, ambao kwa miaka mingi uliwapeleka watoto mbali na kaunti zao, hata shule kama Meru School, Kaaga na Kangaru zikawa na wanafunzi ambao wazazi wao wanaishi Pwani, Nyanza au ng'ambo. Mwanafunzi wa namna hiyo hutua Nairobi kwanza, kisha hushika barabara ya Thika hadi Makutano ya Mwea, akaendelea kwa kilomita takriban 125 kutoka jijini hadi Embu, au zaidi ya 220 ikiwa shule yake iko Meru. Safari yake basi ina vipande viwili, cha angani na cha barabarani, na barua nyingi hukielezea kile cha kwanza na kukisahau cha pili.

Tukio linalofaa kuchunguzwa kwa karibu ni la Jumatano, Septemba 11, 2024, wakati wanachama wa chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege, kiitwacho KAWU, walipoanza mgomo usiku wa manane katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta wakipinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa uwanja huo kwa miaka 30. Safari nyingi zilicheleweshwa, nyingine zikafutwa, na abiria wakakwama nje ya milango hadi chama na serikali walipotia sahihi makubaliano ya kurudi kazini jioni ya siku hiyo hiyo. Mgomo wenyewe, kwa hiyo, haukumaliza siku mbili, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa mzazi ambaye mwanawe alifika shuleni Ijumaa, kwa kuwa mwalimu mkuu aliyesikiliza taarifa ya habari ya Jumatano usiku alijua tayari kwamba wafanyakazi walikuwa wamerudi kazini.

Wakati wenyewe pia haukuwa mwema. Muhula wa tatu ulikuwa umefunguliwa Agosti 26, siku ile ile ambapo walimu wa shule za upili walio katika chama cha KUPPET waligoma, na masomo hayakurudi katika hali ya kawaida hadi mwanzoni mwa Septemba, hivyo shule zilikuwa zikifukuzana na ratiba iliyobanwa. Halafu, usiku wa Septemba 5, moto uliteketeza bweni la Hillside Endarasha Academy katika kaunti jirani ya Nyeri na kuua wavulana 21. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawakuwa wamejulikana waliko, huku wazazi na majirani wakihimizwa kutoa taarifa kuhusu waliowachukua, kwa sababu baadhi ya watoto walikuwa wameondolewa pale bila jina kuandikwa popote. Katika juma lililofuata, mwalimu mkuu yeyote wa shule ya bweni aliyeona kitanda kitupu alikuwa na sababu ya kuuliza, na mzazi aliyeudhika kwa kuhojiwa vikali langoni hakuwa amezingatia jambo hilo.

Sheria nayo inamtaka aulize. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwagiza mkuu wa shule achunguze mazingira ya mwanafunzi kukosa masomo, na asipoona sababu ya kuridhisha ampe mzazi ilani ya maandishi na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Barua ya mzazi ndiyo inayoufunga uchunguzi huo kabla haujafika mbali, mradi iwe na mambo ambayo mchunguzi angeyatafuta.

Ili kuonyesha namna hesabu inavyofanyika, na achukuliwe mwanafunzi wa mfano, msichana wa kidato cha tatu katika shule ya bweni karibu na mji wa Embu, ambaye mama yake anafanya kazi Mombasa. Msichana huyo alipewa ruhusa Jumamosi, Septemba 7, aende Mombasa kuondolewa plasta ya mguu katika kliniki iliyomtibu, na karatasi yake ya ruhusa, ambayo ndiyo hati inayotaja siku na saa ya kuondoka na ya kurejea, ilimtaka awe langoni Jumatano saa kumi na moja jioni. Tiketi yake ilikuwa ya ndege ya kuondoka Mombasa Jumatano saa mbili asubuhi na kutua Nairobi mnamo saa tatu. Ndege ikafutwa, akapangiwa nyingine ya Alhamisi saa tisa alasiri, akatua saa kumi, akalala Nairobi, na hatimaye akafika langoni Ijumaa saa nne asubuhi. Kutoka Jumatano saa kumi na moja jioni hadi Ijumaa saa nne asubuhi ni saa 41.

Katika kuzipima saa hizo, swali la kwanza la mwalimu mkuu haliuhusu mgomo hata kidogo, bali ni iwapo mwanafunzi angefika kwa wakati endapo ndege ingeruka kama ilivyopangwa. Katika mfano huu jibu ni ndiyo, kwa kuwa kati ya kutua saa tatu asubuhi na kufungwa kwa lango kulikuwa na saa nane, na safari ya kutoka uwanjani hadi Embu huchukua nusu ya muda huo au zaidi kidogo. Kama tiketi ya awali ingekuwa ya saa tisa alasiri ya Jumatano, mwanafunzi angetua saa kumi akiwa amebakiwa na saa moja ya kusafiri kilomita 125 na kupita katika msongamano wa magari wa Nairobi, yaani angechelewa hata pasipo mgomo, na barua inayoutupia mgomo lawama ingekuwa inasema jambo la kweli lisilojibu swali. Kwa sababu hiyo saa ya tiketi ya kwanza, ambayo wazazi wengi huiacha kwa kuona kwamba ndege yenyewe haikuruka, haina budi kuandikwa.

Tofauti kati ya saa ya kutua iliyotarajiwa na ile iliyotokea ni saa 31, nazo hizo zinaweza kuwekwa kwenye mgomo na msongamano wa abiria uliofuata. Zaidi ya hizo kuna saa 18 kati ya kutua Alhamisi saa kumi alasiri na kufika langoni Ijumaa saa nne asubuhi, jumla ikizidi 41 kwa ule mwanya wa saa nane uliokuwapo tangu mwanzo, na hizo 18 si za shirika la ndege, ni za mzazi. Barua isiyozitaja humwacha msomaji wake akijaza pengo kwa dhana, na dhana ya mwalimu mkuu kuhusu usiku mmoja wa mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Nairobi si ya kumpendeza mzazi. Inatosha kusema alilala kwa nani, mtaa gani, kwa nini hakuendelea na safari jioni ile, na nani alimsindikiza asubuhi.

Sababu ya kutoendelea na safari usiku si ngumu kueleweka katika eneo hili. Mwanafunzi anayetua saa kumi alasiri hufika mjini jioni, na kabla matatu ya Embu haijajaa abiria pale Tea Room, kituo kinachojulikana na kila msafiri wa Meru na Embu, giza huwa limeingia. Kwa mwanafunzi wa Meru hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa baada ya Embu barabara hupitia Runyenjes na Chuka ikishuka na kupanda mabonde ya mito, likiwamo lile la daraja la Nithi, ambako mnamo Julai 24, 2022 basi lilitumbukia mtoni na kuua zaidi ya watu 30. Mzazi akiandika kwamba hakutaka mwanawe avuke Nithi usiku, hakuna mwalimu wa Meru atakayehitaji maelezo ya ziada.

Swali lililo gumu zaidi ni lile linalozuka kwa kila safari ya ndani ya nchi: mbona mtoto hakupanda basi au gari-moshi? Mabasi ya Mombasa kwenda Nairobi husafiri usiku kucha, na treni ya reli ya kisasa huondoka Mombasa kila siku, kwa hivyo mwanafunzi aliyeanza safari Jumatano jioni kwa njia ya nchi kavu angeweza kuwa Embu Alhamisi mchana, takriban siku nzima kabla ya yule aliyeisubiri ndege. Katika mfano huu jibu ni la kitabibu, kwa sababu daktari alikuwa ameshauri asikae kwa saa nyingi bila kunyoosha mguu, na ndiyo sababu ndege ilikatiwa tiketi tangu mwanzo. Mara nyingi, hata hivyo, jibu la kweli ni fedha: nauli ilikuwa imeshalipwa kwa shirika la ndege, marejesho hayaji siku hiyo hiyo, na nyumbani hakukuwa na nauli ya pili. Wazazi huona haya kuliandika jambo hilo na badala yake hubuni homa ya ghafla, ilhali mwalimu mkuu anayepokea karo kwa mafungu madogo madogo mwaka mzima angelielewa mara moja, na homa ya kubuni humlazimu aombe karatasi ya hospitali ambayo haipo.

Kuhusu ushahidi, mgomo uliojulikana nchi nzima una faida ya kujithibitisha wenyewe, kwa kuwa tarehe yake ilitangazwa kila mahali, na kwa hiyo sentensi moja inatosha na hoja kuhusu nani alikosea katika mgogoro wa uwanja hazina nafasi katika barua ya shule. Kinachohitaji kuthibitishwa ni kwamba mwanafunzi huyu alikuwa na nafasi katika ndege hii. Picha ya ubao wa uwanjani ulioandikwa CANCELLED haithibitishi hilo, kwa sababu mtu yeyote aliyepita pale angeweza kuipiga. Ujumbe wa shirika la ndege wenye jina la abiria, nambari ya safari na ile alama ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita ambayo hutambulisha tiketi yake, ukiambatanishwa na tiketi mpya yenye alama hiyo hiyo, unathibitisha. Pale ambapo ndege imefutwa kwa hitilafu ya mitambo, jambo lisilofika kwenye vyombo vya habari, inafaa kuliomba shirika barua ya kuthibitisha kufutwa kwa safari, ambayo mashirika mengi huitoa abiria akiiomba. Izingatiwe pia kwamba DELAYED na CANCELLED si hali moja: ndege iliyochelewa kwa saa tatu huruka siku ile ile, na mzazi anayeandika kwamba ndege ilifutwa huku kiambatisho kikisema imechelewa hujiharibia barua nzima kwa neno moja.

Kosa jingine dogo lenye madhara makubwa hutokana na saa. Tiketi huandika 15:00 na mzazi huandika saa tisa, na hapo hakuna tatizo, lakini yule anayenakili tiketi kwa haraka huandika kwamba ndege iliondoka "saa nane" kwa kuwa ameona 08:00, na ghafla safari ya asubuhi imegeuka ya mchana, ule mwanya wa saa nane umepungua ukawa saa mbili, na hesabu iliyoelezwa hapo juu inamgeukia. Njia iliyo salama ni kuandika saa ya Kiswahili na kuiweka ile ya tiketi katika mabano.

Muda wa kutoa taarifa una uzito kuliko ufasaha wa barua. Mama wa mfano huu alimpigia mwalimu wa darasa saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatano, zaidi ya saa saba kabla ya lango kufungwa, kwa hiyo jioni ile mwalimu wa zamu alipohesabu wanafunzi alijua tayari nani hayupo na kwa nini. Barua iliyofuata ilithibitisha jambo lililokwisha kusemwa. Kwa kuwa mama huyo alibaki Mombasa na barua ilisafiri na mtoto, haikuwezekana ataje saa ya kufika, na hilo lilitatuliwa kwa kumwachia shangazi aliyemsindikiza mtoto nafasi chini ya ukurasa. Barua ya namna hiyo ingesomeka hivi:

S.L.P. ……, Mombasa.
12 Septemba 2024.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya ……,
S.L.P. ……, Embu.

Kwa Mwalimu,

KUH: KUCHELEWA KURUDI SHULENI KWA ……, NAMBARI ……, KIDATO CHA TATU

Binti yangu aliyetajwa hapo juu alipewa ruhusa ya kwenda kliniki tarehe 7 Septemba, na alitakiwa arejee Jumatano tarehe 11 kabla ya saa kumi na moja jioni. Alikuwa na tiketi ya ndege kutoka Mombasa kwenda Nairobi siku hiyo saa mbili asubuhi (08:00). Ndege hiyo ilifutwa kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi wa uwanja wa ndege, nami nikamjulisha mwalimu wa darasa kwa simu saa tatu na nusu asubuhi.

Shirika limempa nafasi leo Alhamisi saa tisa alasiri (15:00). Sikumpandisha basi kwa kuwa daktari ameshauri asisafiri kwa saa nyingi akiwa amekaa. Kwa vile hataweza kufika Embu kabla ya usiku, atalala kwa shangazi yake, Kahawa, naye atamleta kesho Ijumaa kwa matatu ya asubuhi.

Nimeambatisha karatasi yake ya ruhusa, ujumbe wa shirika la ndege, tiketi mpya na barua ya daktari. Naomba nijulishwe kazi au mtihani alioukosa ili aufanye kwa wakati utakaopangwa na shule.

Wako mwaminifu,
(sahihi, jina na nambari ya simu)

Nimemfikisha mwanafunzi langoni leo Ijumaa tarehe 13 Septemba, saa nne asubuhi.
(jina, uhusiano, sahihi na nambari ya simu ya shangazi)

Barua hii haina neno la kuomba msamaha, na hilo si utovu wa adabu. Msamaha huombwa kwa kosa, na mzazi anayeuomba katika aya ya kwanza huwa ameshaikubali hoja ambayo mwalimu mkuu hajaitoa. Haina pia ule msemo wa "sababu zisizoweza kuepukika", unaopendwa mno katika barua za shule, ambao kazi yake hasa ni kuificha sababu huku ukidai kwamba ipo. Umbo lake, lenye anwani mbili, tarehe, mada na hitimisho, ni lile la barua rasmi ambalo kila aliyefanya mtihani wa insha ya Kiswahili katika KCSE alilikariri, na kwa kweli wazazi wengi wanalijua kuliko wanavyodhani, ila wakiketi kuandika huona ni lazima wahamie Kiingereza na hapo ndipo habari hupotea.

Barua hii inaacha jambo moja bila kulitaja kwa makusudi, nalo ni ugonjwa wenyewe. Maelezo ya daktari yamo katika karatasi yake, ambayo inaweza kutiwa katika bahasha iliyofungwa, kwa kuwa barua ya mzazi hupita mikononi mwa mlinzi, karani, naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa kabla ya kutulia katika faili, na si wote wanaohitaji kujua habari za mguu wa msichana. Karatasi ya ruhusa, kwa upande mwingine, inapaswa kuwa juu kabisa ya viambatisho, kwa sababu mlinzi wa lango huisoma hiyo kwanza, na asipoiona mwanafunzi hukaa nje ya lango hadi mtu wa afisini apatikane.

Ikishapokelewa, barua huzaa maamuzi mawili tofauti ambayo wazazi huyachanganya. La kwanza ni la nidhamu, yaani iwapo kuchelewa huko ni kosa, na katika mfano huu humalizika pale afisini kwa dakika chache. La pili ni la masomo, na hilo barua haiwezi kulimaliza yenyewe: ikiwa Alhamisi kulikuwa na jaribio la hesabu, mwalimu wa somo anaweza kuandaa jingine, kuyatumia matokeo ya awali au kuacha nafasi ya alama wazi, na kila chaguo humfikisha mwanafunzi mahali tofauti katika ripoti ya mwisho wa muhula. Sentensi ya mwisho ya barua ya mama inamfanya mtu fulani shuleni awajibike kutoa jibu, nalo jibu hilo linafaa kufuatiliwa kwa mwalimu wa darasa kabla ya juma kwisha, kwa kuwa alama zikishajumlishwa na kuingizwa katika orodha ya darasa huwa ni kazi kubwa kuzifungua upya.